Chenga ya Matthews: miguu na bega katika picha moja

Kocha, nataka kurekodi video ya kuwafundisha vijana wangu chenga ya Matthews. Simu niiweke wapi? (Kocha wa watoto, Mwanza)

Iweke mbele ya mchezaji kwa mshazari, upande atakaotokea na mpira. Anayetumia mguu wa kulia humtoka beki kwa kulia kwake, basi simu iwe upande huo, hatua chache nyuma ya koni inayosimama badala ya beki. Hapo mguu wa kulia, ambao ndio unaogusa mpira mara zote mbili, kwanza kwa ndani kisha kwa nje, uko karibu na kamera na hauzibwi na kitu. Ukihamia kushoto kwake, mguu anaousimamia utauficha mpira wakati uleule unaotaka kuuona.

Ilaze simu kwa upana, mita 5 au 6 kutoka mahali chenga inapopigwa, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Ukiiweka chini kwenye nyasi, miguu inajaza picha na huwezi kukadiria mpira uko mbali kiasi gani na kiatu. Ukiipandisha juu ya kichwa, goti lililokunjwa huonekana kama limenyooka. Tumia lenzi ya 1x, kwa sababu ile ya 0.5 huvuta umbo la mtu akikaribia ukingo wa picha.

Nakuomba sana usikatize picha ili kuonyesha miguu peke yake. Stanley Matthews, winga wa Stoke City na Blackpool aliyepata tuzo ya kwanza ya Ballon d'Or mwaka 1956, aliwahadaa mabeki kwa mwili, na mguu ukamalizia. Mtoto akionyeshwa viatu tu, ataiga miguso miwili ya mpira bila kujua bega lilikuwa wapi.

Hatua zenyewe nizieleze vipi ili wasichanganyikiwe? (Kocha, Tanga)

Mchezaji akokote mpira polepole kuelekea koni. Ikibaki mita 2 hivi, augonge mpira kidogo kwa ndani ya mguu wa kulia, usogee kushoto kwake. Papo hapo akanyage kwa mguu wa kushoto, nje ya usawa wa bega, goti likunjwe na bega la kushoto lishuke juu ya mguu huo. Uzito wote sasa uko kushoto, kwa hiyo mguu wa kulia ni mwepesi. Ausukume mpira kwa nje ya mguu huohuo wa kulia, mbele kwa mshazari, kisha aondoke kwa kasi.

Mwanangu ana miaka 13. Kwenye koni anaipiga vizuri, lakini beki anamnyang'anya kila mara. Nimekutumia video, mimi sioni kosa. (Mzazi, Morogoro)

Kwa mwendo wa kawaida hata mimi sikuliona. Toka mguso wa kwanza hadi wa pili ni kama nusu sekunde, na simu inayopiga picha 30 kwa sekunde inakupa picha 15 tu za tukio zima. Wewe ulirekodi kwa picha 120, umetupa 60, ndiyo maana kosa limepatikana.

Simamisha video pale nje ya mguu wake inapogusa mpira, kisha utazame juu, begani. Bega la kushoto bado liko sawa na la kulia. Sogeza picha chache mbele: linashuka wakati mpira umeshaondoka. Mwili unadanganya baada ya mpira kusema ukweli, na beki hana sababu ya kuhama. Koni haikumwonyesha kosa hilo kwa kuwa koni haisomi bega.

Kwa sasa mwondolee mpira. Akanyage kushoto, ashushe bega, kisha arushe mguu wa kulia nje, mpaka bega litangulie lenyewe. Halafu mrudishie mpira, na wewe usimame mahali pa koni. Mwambie asipige mguso wa pili mpaka aone umeegemea upande aliokudanganyia. Mrekodi tena kwenye mwanga wa kutosha, saa 10 jioni panafaa. Mwanga ukipungua, mguu unaoenda kasi hutoka na ukungu.

Kingine ni umbali. Kwenye video yako beki yuko karibu kiasi kwamba mguu wake unaufikia mpira hata akiwa amehadaika. Chenga ianze mapema kwa hatua moja.

Vijana wakiiga video wanaenda kushoto badala ya kulia. Tatizo nini? (Kocha wa shule, Kisumu)

Wanamtazama mchezaji uso kwa uso, kwa hiyo kulia kwake kunakuwa kushoto kwao. Rekodi mara ya pili kutoka nyuma yake, simu ikiwa kimo cha kifua na imesogea kidogo kulia ili miguu isizibe mpira. Waonyeshe hiyo kwanza waige, kisha ile ya mbele waone kile anachokiona beki.