Kuwashukuru wafuasi 500 bila kuombaomba

"Nauza vitumbua, ukurasa wangu wa Instagram umefika wafuasi 500. Niandikeje asante isionekane natafuta wengine?"

Dada, neno la asante liwe mwanzoni kabisa, maana Instagram hukata maelezo baada ya mstari mmoja au miwili. Kisha taja jambo moja walilokufanyia kweli, kwa mfano:

"Asanteni, tumefika 500. Mlioniambia Ramadhani kwamba iliki imezidi, nimeipunguza. Vitumbua vya sasa ni kazi yenu."

Ishia hapo. Ukiongeza "twende 1,000" au "mtagi rafiki", asante inageuka bakuli la kuombea. "Familia yangu" nayo ningeiacha. Wengine wamekufuata jana tu. Picha weka ya chuma cha vitumbua kikiwa jikoni, maputo ya 500 waachie wenye harusi.