Nilicheza Civilization VI kama Age of Empires II, nikaumia

Mi nimekulia kwenye Age of Empires II, kwa hiyo siku ya kwanza naingia Civilization VI nikajiambia hii si ileile tu, wamepunguza spidi. Kumbe wapi. Nilipigwa na kompyuta tena kwenye levo ya kawaida, na sababu ilikuwa moja tu, bei ya kupanuka haifanyi kazi sawa kwenye hizi gemu mbili.

Nianze na Age. Mwanakijiji mmoja ni chakula 50 na sekunde 25, na hiyo bei haibadiliki, awe wa nne au wa mia moja ni 50 ileile. Maana yake kinachokubana sana pale sio bei, ni saa. Town Center yako, lile jengo linalotoa wanakijiji, ikikaa dakika mbili haifanyi kitu kwa sababu we uko bize unaangalia farasi wako akikimbizana na wa jirani, umepoteza karibu wanakijiji watano, na hao hawarudi maana mwenzako wakati huo anaendelea kutoa wake. Ndo maana watu wanabonyeza H kuirukia Town Center kila baada ya sekunde chache kama wana wazimu.

Sasa ukifika Castle Age, zama ya tatu ya gemu, unaruhusiwa kujenga Town Center nyingine, mbao 275 na mawe 100, na hapo ndo wengi tunaharibu. Mi nilikuwa najenga mbili za ziada harakaharaka nikijua tayari nimekuwa tajiri, halafu zote tatu zinakaa kimya chakula hakuna. Piga hesabu uone: Town Center moja isiyosimama inakula chakula 120 kwa dakika, na mkulima mmoja shambani anakuletea kama 20 hivi, kwa hiyo kila Town Center inataka wakulima sita nyuma yake. Tatu ni wakulima 18, na shamba moja ni mbao 60, yaani mbao 1,080 za mashamba peke yake kabla hujajenga hata kambi ya askari. Mi nilikuwa na mashamba tisa. Ushauri wangu ongeza wakata miti kwanza, tandika mashamba, halafu ndo uongeze Town Center, na ukiona chakula juu ya skrini kinagusa 50 kinarudi sifuri muda wote ujue umejenga majengo kuliko tumbo lako.

Haya, nikaingia Civilization na akili hiyohiyo, mji mkuu usikae bure hata zamu moja, toa Settler, yule anayeenda kuanzisha mji mpya, toa Settler, toa Settler. Shida ni kwamba Settler wa kwanza ni uzalishaji 80, wa pili 110, wa tatu 140, wa nne 170, kila ukitoa mmoja anayefuata anapanda 30. Na kila akitoka anaondoka na mtu mmoja wa mji wako. Hicho ndo kilinimaliza, maana kwenye Civ mtu ndo anayefanya kazi kwenye kipande cha ardhi, hakuna cha kutembea na gogo begani kurudi kambini, ardhi isiyo na mtu haikupi kitu hata iwe nzuri vipi (kasoro pale mji wenyewe ulipokaa). Mji wangu ukawa kila ukifika watu wawili unarudi mmoja, uzalishaji umeganda kwenye 6 kwa zamu, Settler wa kwanza alichukua zamu 14, wa nne angechukua 29. Saa hapa inakusubiri, unaweza kwenda kupika ugali ukarudi, lakini zamu ulizotumia vibaya zimeenda.

Siku hizi nauacha mji mkuu ufike watu watatu hivi, natoa Settler wawili, na nikishapata sera ya Colonization naiweka kabla ya kuendelea kwa sababu inaongeza asilimia 50 kwenye kuwatengeneza. Kama kuna msitu nauacha mpaka wakati huo ndo namtuma mjenzi aukate, ule uzalishaji wa mara moja unaingia kwenye Settler moja kwa moja.

Na mahali pa kuweka mji usipachague kama unavyochagua mgodi wa dhahabu kwenye Age, eti kuna dhahabu basi twende. Angalia maji kwanza. Mji wenye mto au ziwa unaanza na makazi ya watu 5, wa pwani 3, mkavu 2, na ukuaji unakatwa nusu ikibaki nafasi ya mtu mmoja tu, kwa hiyo mji mkavu unaanza maisha tayari umekatwa. Mi nilikuwa na mji mmoja jangwani una madini mawili mazuri pembeni, zamu 60 baadaye bado una watu wawili, na yale madini nayatazama tu.