Mapambo ya Halowini kwa watoto wadogo: mashuka, popo wa karatasi na sura zinazocheka

Ikishafika katikati ya Oktoba huku Columbus, Ohio, meseji za wasap zinaanza kuingia, Mama Imani mwaka huu pati ya watoto ipo? Ipo. Na linalofuata huwa ni lile lile, nitapambaje nyumba bila mtoto kuja kulala kitandani kwangu wiki nzima, maana madukani huku ukiingia msimu huu ni mafuvu, damu ya bandia na midoli inayopiga kelele ukiipita karibu. Sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake naandika hapa, mtasoma wote.

Wageni wangu ni wa miaka 3 mpaka 5. Mtoto wa umri huo anaweza kukwambia mwenyewe "ile barakoa tu" halafu dakika hiyo hiyo akaikimbia analia, kwa sababu kujua kwamba kitu si cha kweli na kutokukiogopa kwake ni mambo mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo usijisumbue kumuelezea. Shughulika na kitu chenyewe, na nikianza na kimoja tu basi ni sura, sura ndo inabeba kila kitu.

Chukua shuka ya kitanda kidogo, ile bapa isiyo na lastiki, duka la mitumba unaipata kwa bei ndogo tu. Za huku zina kama sentimita 168 kwa 244. Ikunje iwe sehemu mbili kwa upana na sehemu tatu kwa urefu, ukate kwenye mikunjo, unapata vipande sita vya kama sentimita 80 kwa 80, yaani vizimu sita kutoka shuka moja. Kichwa tengeneza kwa gazeti, lisokote mpaka liwe duara gumu la ukubwa wa chungwa kubwa kisha uzungushie selotepu. Wengi wanatumia baluni, mimi sitaki, baluni ikipasuka watoto wote wanaruka na vile vipande vyake ni hatari ya kumkaba mtoto, hata pakiti za huku zimeandikwa onyo kwa walio chini ya miaka 8.

Hapa kuna jambo naomba mlisikilize vizuri hasa sisi weusi tunaoishi Marekani. Ukimning'iniza kizimu kwa kuvuta kitambaa kutoka utosini, kitambaa kinachongoka, na shuka nyeupe yenye kichwa cha ncha kwa jirani yangu mzee Mmarekani mweusi haimkumbushi Halowini, inamkumbusha Ku Klux Klan, lile genge la wabaguzi wa rangi wanaovaa kanzu nyeupe na kofia za ncha. Na ukimfunga kamba shingoni ukamtundika kwenye mti wa mbele ya nyumba hilo ni baya zaidi, historia ya nchi hii ya watu kunyongwa mitini inajulikana. Kwa hiyo kichwa kiwe duara na shuka si lazima iwe nyeupe. Mimi nachukua za maua, za njano, za mistari, na vizimu vya maua watoto wanavipenda kuliko vyeupe, kila mmoja anachagua wake.

Ili kichwa kibaki duara, funga uzi wa nailoni kwenye lile gazeti kwanza, ukaze kabisa, halafu upitishe huo uzi katikati ya kitambaa kwa sindano kubwa. Hapo uzito unabebwa na gazeti, kitambaa kimekaa tu juu yake, hakivutwi. Shingoni weka utepe mpana wa rangi ufunge kwa mbele kama tai ya harusini, usikaze, kazi yake ni kuonyesha kichwa kinaishia wapi basi.

Sura unaibandika MWISHO, kizimu kikiwa kimeshaning'inia. Ukibandika kitambaa kikiwa kimelala mezani, ukija kukitundika mikunjo inavuta ule mdomo na tabasamu linageuka mtu aliyenuna, jicho moja linaingia kwenye mkunjo unabaki na chongo. Na usichore na makapeni moja kwa moja kwenye shuka ya pamba, wino unatambaa kwenye nyuzi na macho yanaonekana yanachuruzika. Kata macho kwenye karatasi nyeusi au kitambaa cheusi kizito, bandika na gundi nyeupe kidogo tu.

Macho yawe ya mviringo, marefu kidogo kwenda juu, kama sentimita 3, na yakae CHINI ya nusu ya kichwa, yameachana. Paji kubwa la uso na macho ya chini ndo sura ya mtoto mchanga, na mtu yeyote akiiona anailainikia. Ukiyapandisha juu na kuyasogeza karibu karibu anakuwa mtu mzima anayekutazama. Weka nukta nyeupe pembeni ya kila jicho, upande mmoja kwa yote mawili, bila ile nukta jicho ni shimo na mashimo ndo yanaogopesha. Mdomo mdogo uliofungwa, meno hapana hata moja la utani, nyusi ziache kabisa maana zikiinama kwa ndani kidogo tu ni hasira. Mashavu duara mbili za pinki. Kisha piga magoti ukiangalie kutoka urefu wa mtoto, wewe ukiwa umesimama unaona kitu kingine kabisa na anachokiona yeye.

Kuhusu urefu, kizimu kinachokutazama kutoka darini kinamuinamia mtoto. Mimi naviweka kwenye kona juu ya kabati la vitabu na ukutani, nyuso zikiwa usawa wa uso wa mtoto au juu yake kidogo, na uzi wote umebanwa ukutani hakuna kitanzi kinachoning'inia mahali mtoto anaweza kuingiza shingo. Mlangoni siweki kitu. Mtoto akiingia anatakiwa aone sebule nzima kwa mara moja ajue kila kitu kiko wapi, akikuta kitu nyuma ya mlango hiyo ni kushtukizwa na hapo hata sura nzuri haisaidii.

Halafu kuna hita. Mwisho wa Oktoba huku apatimenti nyingi hita imeshawashwa, na zile za upepo wa moto zikianza kupuliza kitambaa chepesi kinacheza chenyewe, kinatulia, kinacheza tena, mtoto anakuangalia wewe kisha anaangalia shuka. Kabla ya pati iwashe kabisa, zunguka na kipande cha tishu mkononi uone upepo unafika wapi, vizimu visikae hapo. Visivyo na namna ya kuhama vibane pindo la chini ukutani na tepu.

Haya popo. Popo ndo kazi ya watoto wenyewe, na mtoto aliyemkata popo wake hamuogopi. Tumia karatasi nyeusi nzito kidogo za kazi za mikono, ile nyepesi ya printa ukishaikata mabawa yanajikunja yenyewe kufikia jioni yameshakuwa vijiti. Karatasi ikunje katikati, mtu mzima achore nusu ya popo kwa penseli ya rangi nyeupe: nusu kichwa na sikio moja kwenye mkunjo, bawa linatoka kwenda nje, chini yake vijipinde viwili vitatu. Mtoto wa miaka 5 atakata mwenyewe, wa 3 mpe popo aliyekwisha katwa abandike macho tu, karatasi zilizokunjwa mbili ni ngumu kwa mkasi wake mdogo usio na ncha na akishindwa atakasirika na mchana wake wote utaharibika. Macho ni duara nyeupe zenye nukta nyeusi ndani, moja likiwa kubwa kuliko lingine ndo wanacheka zaidi.

Kubandika tumia ile tepu ya bluu ya wapaka rangi, ikunje iwe duara inate pande zote mbili, weka nyuma ya TUMBO tu. Mabawa yakunje kidogo kuja mbele yasimame yenyewe mbali na ukuta. Ukibandika na mabawa unapata madoa meusi ukutani, popo hamna.

Na waelekee wapi? Hili watu hawalifikirii. Popo ukiwatawanya juu ya sofa wakiwa wanakuja upande wako, wale wadogo hawataki kukaa pale. Mimi wangu wanaondoka. Naanzia chini karibu na meza ya chakula na wale wakubwa, kama kiganja cha mtu mzima na zaidi, wanapanda wakipungua ukubwa kuelekea dirishani, vichwa vyote upande mmoja, wa mwisho wadogo kabisa wako kwenye kioo. Ukiwauliza watoto popo wanaenda wapi utajibiwa shule, kwa bibi, sokoni, kumbe tayari wameshaanza kutunga hadithi yao na wewe umepumzika.

Mwaka jana mama mmoja Mkongo alinivuta pembeni jikoni, "Dada, sisi mambo ya mizimu kanisani kwetu hapana." Nikamwambia sawa dada, kwako shuka zifanye hema. Kwa kweli hema ni zuri hata kwa wengine: shuka kubwa juu ya meza, upande mmoja umefunguliwa kabisa pasiwe na giza ndani, sura kubwa inayocheka imebandikwa juu ya mlango, mito ndani. Mtoto akichoka kelele anajua pa kwenda.

Taa acha zimewaka. Pati yenyewe naifanya saa tisa mpaka saa kumi na moja, jua huku siku hizo linazama kama saa kumi na mbili na nusu kwa hiyo mwanga upo wa kutosha. Usiweke taa sakafuni chini ya vizimu, mwanga ukitoka chini uso wowote hata wa kwako unatisha, na kivuli kinapanda mpaka darini. Mishumaa na mashuka havikai chumba kimoja, hilo halina mjadala. Vile vimishumaa vya betri ni sawa ila angalia chini, vingi vinatumia betri bapa ya CR2032 na mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo kwa muda mfupi sana, nunua vyenye kifuniko cha skrubu tu na uviweke juu.

Pati ikiisha popo waache hata wiki, vizimu vitoe jioni ile ile kabla ya kulala, hasa vilivyo kwenye njia ya chooni. Kilichokuwa kinacheka saa kumi mchana, saa nane usiku ni kitu kirefu kimesimama kwenye korido. Toa sura kwanza, gundi nyeupe ikilowa inaachia, shuka zinaingia mashineni. Tepu ivute polepole ukiilaza sambamba na ukuta, ukiivuta kwa kuitoa nje inakuja na rangi na mwenye nyumba atakukata kwenye diposi.