Mlio wa peke yake kwa kundi la oda

"Niko Tukuyu, nauza parachichi. Oda zinakuja kwenye kundi moja la WhatsApp, ila simu inalia vilevile kwa makundi yote, nachelewa kujibu. Ni Android."

Ndugu, fungua kundi hilo, gusa jina lake juu, ingia "Notifications", kisha washa "Use custom notifications". Kwenye simu nyingine imeandikwa "Custom notifications". Hapo chagua mlio kwenye "Notification tone", na kwenye "Vibrate" weka "Long". Mtetemo mfupi hausikiki ukiwa na simu mfukoni shambani au juu ya bodaboda. Mlio nao uwe mkali na mfupi, usiofanana na wa SMS.

Jaribu sasa: toka kwenye kundi, zima kioo, mwombe mwenzako aandike humo. Ukibaki ndani ya kundi, mlio uliouchagua hutausikia, utadhani umekosea.

Ikiwa kimya, kwanza angalia kama kundi limewekwa "Mute". Hilo ndilo kosa la wengi, maana mlio maalumu hauvunji mute. Kisha angalia "Do Not Disturb", hasa kama umeipangia ijiwashe usiku. Lakini ukiona ujumbe unamiminika wote kwa mpigo pale unapofungua WhatsApp, usihangaike na mlio. Ama mtandao ulikatika, ama simu inabana betri: nenda "Settings" za simu yenyewe, "Apps", "WhatsApp", "Battery", chagua "Unrestricted".

Ukibadili simu, kagua mpangilio huu upya.