Paka wa ndani akipotea, omba funguo za stoo za majirani leo hii

"Habari wakuu, nipo Gungu, Kigoma. Paka wangu jike, hajazoea kutoka nje, hajaonekana tangu jana jioni mafundi walipokuja kupiga rangi. Jirani anasema nisubiri, njaa ikimshika atarudi mwenyewe. Nimeshauliza nyumba za karibu, hawajamuona. Je, nikimpata nimuwekee chipu ili nimuone alipo kwenye simu? Na kola ipi nzuri, ya rangi gani, ya kengele au bila kengele?"

Usisubiri! Huyo jirani anaongelea paka wa sokoni aliyezaliwa nje na anayejua kila uchochoro, wako hajui kitu. Paka wa ndani akitoka kwa hofu hatembei kutafuta njia ya kurudi, anakimbilia kwenye giza la kwanza analoliona, anajibana humo na ananyamaza kabisa, hata wewe uliyemlea miaka ukipita hapo unamuita hajibu, kwa sababu akilini mwake akitoa sauti tu ameliwa. Njaa haimtoi haraka, hofu inaishinda njaa siku nyingi.

Na hiyo ya kwamba umeshauliza majirani ndiyo imenifanya niandike, maana ndiyo iliyomuua wangu.

Mimi nipo Mwanga. Chausiku alikuwa mnene, wa ndani, mlango ukaachwa wazi wakati tunapokea mifuko ya saruji. Mzee mmoja anayeheshimika kwa kufuga wanyama akaniambia hivyo hivyo, paka hapotei mama, mwachie mlango wazi. Wakati huo nikapita nyumba kwa nyumba, "jamani mmemuona paka wa kijivu?", wote wakasema hapana, na walikuwa wakweli, hakuna aliyemuona! Kumbe alikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu, kwenye stoo, nyuma ya mbao na mabati ya zamani. Aliingia wakati mlango upo wazi, mwenye stoo akafunga kufuli akasafiri kwenda Kasulu kwenye msiba. Aliporudi na kufungua ndipo tukamkuta. Bado mzima, lakini ngozi ya ndani ya masikio na fizi vimegeuka njano. Daktari wa mifugo akanieleza kwamba paka, hasa mnene, akikaa siku kadhaa bila kula mwili unayeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, ini linajaa mafuta, na hapo hata ukimletea samaki anageuza uso. Tukawa tunamlisha uji wa samaki kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo mchana na usiku. Hakupona. Yule mzee nilipomwambia akajibu "basi ilikuwa siku yake". Haikuwa siku yake, alikuwa nyuma ya kufuli ambalo ningeweza kuomba lifunguliwe jioni ile ile.

Kwa hiyo wewe leo usiulize "mmemuona?". Sema "naomba nifungulie stoo niangalie mwenyewe". Mwenye nyumba akikwambia hayupo mshukuru halafu omba tena uangalie, kwa sababu yeye anachungulia mlangoni tu wakati paka yupo nyuma ya gunia la mwisho. Anza na nyumba yako mwenyewe: darini, maana nyumba zetu nyingi zina mwanya kati ya ukuta na bati, chini ya makochi (ndani kabisa ya kochi pale kitambaa cha chini kilipochanika), ndani ya kabati, na ulizia gari la mafundi lilipaki wapi na limeenda wapi. Halafu nyumba zinazopakana na wewe pande zote, kisha zinazofuata. Banda la kuku, choo cha nje, karavati, chini ya mtumbwi mbovu, chini ya mabati yaliyopangwa. Kuna utafiti uliochapishwa 2018 wa paka zaidi ya 1,200 waliopotea, robo tatu ya waliopatikana walikutwa ndani ya mita 500, na wale wa ndani tu ndio wanaokuwa karibu zaidi. Usianze kuzunguka Kibirizi na Ujiji na pikipiki, piga magoti hapo hapo mtaani kwako.

Usiku rudia, saa tano au sita watu wakishalala na mbwa wametulia. Tochi usiishike kiunoni, ishike usawa wa jicho lako, karibu na shavu, kwa sababu mwanga unaogonga nyuma ya jicho la paka unarudi ulikotoka, ukiishika chini mng'ao unakupita huuoni. Mulika taratibu kila uvungu, utaona nukta mbili za kijani au njano. Ukiziona usikimbilie na usiite kwa kelele. Kaa chini ubavu ubavu, ongea kwa sauti ile ya nyumbani, weka dagaa waliokaushwa uliowapasha moto kidogo wanukie, na subiri hata saa nzima. Ukimkurupusha akatoka hapo anahama, na hujui anahamia wapi.

Kama kuna banda unalishuku na hakuna anayeonekana, nyunyiza majivu au unga mlangoni jioni, weka dagaa ndani, asubuhi soma nyayo. Ya paka ni duara, vidole vinne, alama za kucha hazionekani. Ya mbwa kucha zinaonekana. Kama ni yeye, tafuta mtego wa kisanduku unaojifunga, umtege hapo hapo na ukae karibu, usiuache usiku kucha bila mtu.

Chipu sasa. Haikuonyeshi chochote kwenye simu, na aliyekwambia hivyo amekudanganya au anataka kukuuzia. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele kinachodungwa chini ya ngozi kati ya mabega, hakina betri, kinakaa kimya mpaka skana iletwe sentimita chache kutoka mwilini, hapo kinatoa namba ya tarakimu 15 basi. Hiyo namba bila kusajiliwa na namba yako ya simu mahali fulani ni namba tu. Inafaa sana paka akifikishwa kwa daktari mwenye skana au ukigombania paka na mtu, kwa hiyo kabla ya kulipia mwambie daktari aipime kwa skana mbele yako na akuonyeshe inaposajiliwa. Lakini mama atakayemkuta paka wako jikoni kwake Gungu hana skana, ana simu. Anachohitaji ni namba yako ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika kwenye kola yenyewe, siyo kwenye kidude kinachoning'inia kinachodondoka.

Kola iwe na kibano kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu, usifunge ya bizimu kama mkanda wa suruali, paka akinasa kwenye tawi inamnyonga, au anaingiza mguu wa mbele ndani yake na inamkata kwapani mpaka nyama. Vidole viwili viingie kati ya kola na shingo.

Na kama kuna mtu mtaani kwako anapanda basi kesho alfajiri, nenda kwake sasa hivi kabla hajafunga mlango wa nyuma.