Vinywele vya mapema kwa mtoto: lini ni adrenali kuwahi tu, lini ni ugonjwa

"Binti yangu ana miaka 6 na nusu. Nimeona vinywele sehemu za siri, na kwapa linanuka jasho la mtu mzima. Jirani ananiambia huenda kuna mtu anamchezea. Nifanyeje?"

Pole dada. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi kliniki ya watoto hapa Dodoma kwa miaka mingi, na akina mama huniletea jambo hili kwa kunong'ona. Nianze na maneno ya jirani: nywele haziotokani na kuguswa, zinaota kwa homoni. Ukiwa na sababu nyingine ya kumshuku mtu, ifuatilie, na usichelewe. Lakini vinywele si ushahidi.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Mtoto akifika miaka 6 hadi 8 hivi, sehemu moja ya gamba la tezi hiyo huanza kutoa DHEA na DHEA-S, ambazo ni androjeni dhaifu, yaani homoni za namna ya kiume. Mwili hugeuza kiasi chake kuwa homoni zenye nguvu zaidi, na hapo jasho la kwapa hubadilika harufu, uso unapata mafuta, vinywele vinachomoza. Hatua hiyo ni adrenake. Balehe ni njia nyingine: inaanzia kwenye ubongo, unaoamsha ovari au korodani. Ndiyo maana tabibu makini atamkagua binti matiti. Vinywele bila matiti vinaelekeza kwenye adrenali. Vikitokea kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, vimewahi, na lazima tujue kama ni tezi iliyowahi tu au ni ugonjwa.

Nakumbuka binti mmoja wa umri kama wa binti yako, alizaliwa na kilo 2.1. Watoto waliozaliwa wadogo, na wale wenye uzito uliozidi, hupata adrenake ya mapema mara nyingi zaidi. Hakuwa na matiti, kisimi kilikuwa cha kawaida, sauti haikubadilika. Mama yake alikuwa anaweka alama za urefu ukutani, na hizo zilinisaidia kuliko kitu chochote, maana kadi ya kliniki huachwa mtoto akivuka miaka mitano. Alikuwa ameongezeka sentimita 3 kwa nusu mwaka, mwendo wa kawaida kwa umri ule. Eksirei ya mkono wa kushoto ilionyesha mifupa ya miaka 7 na nusu, yaani imetangulia kidogo tu. DHEA-S ilikuwa mikrogramu 68 kwa desilita. Ikizidi 40 tunasema adrenake imeanza. Kipimo kilichonipa utulivu ni 17-OHP, malighafi ambayo adrenali hutengenezea homoni ya kotisoli, damu iliyochukuliwa asubuhi na mapema: nanomoli 1.8 kwa lita. Ikiwa chini ya 6 hivi, ugonjwa wa kurithi wa adrenali hauelekei kuwapo. (Angalia vizio kwenye karatasi, maabara hazitumii vizio vya aina moja.) Hakupewa dawa yoyote. Adrenake ya namna hiyo haina tiba, ni kumfuatilia.

Sasa mvulana wa miaka 4 aliyeletwa kutoka upande wa Kondoa. Wazazi walifurahia urefu wake. Alikuwa na sentimita 117, wenzake wakiwa karibu na 103. Alikuwa na vinywele na uume mkubwa, ila korodani zilikuwa ndogo kama za mtoto mdogo. Hapo ndipo pa kushtuka. Ingekuwa balehe ya kutoka kwenye ubongo, korodani zingekua kwanza. Kwa hiyo androjeni zilikuwa zinatoka kwingine. Mifupa yake ilisoma miaka 9, na 17-OHP ilikuwa juu mno. Adrenali zake zilikosa kimeng'enya cha kutengeneza kotisoli vizuri, malighafi ikawa inageuzwa kuwa androjeni. Mtoto wa hivi huwapita wenzake leo, kisha mifupa hufunga mapema akabaki mfupi ukubwani. Alianzishiwa haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kila siku, na tukawaeleza wazazi kwamba akiumwa homa dozi huongezwa, na akitapika dawa wamkimbize hospitali apate sindano, kwa sababu kukosa kotisoli wakati wa ugonjwa kunaweza kumuua. Ugonjwa huu ni wa kurithi, hivyo ndugu zake nao walipimwa.

Kwa hiyo kwa binti yako, nenda na vipimo vya urefu, hata vile vya shuleni, na uzito wake wa kuzaliwa. Taja pia kama mtu mzima nyumbani anajipaka jeli ya testosteroni, maana humwingia mtoto kupitia ngozi. Ukiona kisimi kinakua, sauti inakuwa nzito, chunusi nyingi, au dalili zote zimekuja kwa wiki chache tu, usisubiri miadi: uvimbe wa adrenali huja kwa kasi hiyo, na hapo DHEA-S mara nyingi hupanda sana na picha ya tumbo huhitajika. Kama hakuna hayo na vipimo ni vizuri, mpime urefu kila baada ya miezi mitatu, umrudishe kliniki baada ya miezi sita, na mapema zaidi matiti yakianza kabla ya miaka 8.