Kazi ya kubofya "like" na salio lisilotoka

"Nimeunganishwa kwenye kundi la Telegramu, nalipwa kwa kupenda video tu. Jana nilitumiwa 3,000 kweli. Leo wanataka niweke 20,000. Ni matapeli?"

Ndiyo, ndugu yangu, na hiyo 3,000 ndiyo chambo chenyewe. Ukiweka 20,000, huenda wakakurudishia 26,000 siku hiyo hiyo. Kisha itakuja "kazi ya kikundi" ya 100,000, ambayo katikati yake utaambiwa umekosea hatua, na kwamba wenzako hawatalipwa mpaka uongeze 300,000. Wenzako hao wanaotuma picha za miamala mara nyingi ni matapeli wale wale, na inauma kuona mtu anakopa ili asiwaangushe. Salio litaendelea kukua kwenye tovuti yao, lakini tarakimu hizo wanaziandika wenyewe, na ukitaka kutoa utadaiwa kwanza "kodi", ilhali mwajiri halali hukata kodi ndani ya malipo yako. Angalia pia jina linalotokea unapotuma pesa: likiwa la mtu binafsi, tena linabadilika kila mara, usithibitishe muamala. Ikiwa umeshatuma, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe, na usimlipe yeyote anayejitokeza kuahidi kukurudishia fedha zako.